Dondakoo

Dondakoo (pia: difteria) ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria wa jamii ya korinebakteria, ambao huishi kwenye koo na pua za binadamu na wakati mwingine kwenye vidonda vya ngozi. Jina la Kiswahili limeundwa kwa maneno mawili, donda na koo, nalo linaeleza vizuri kile kinachoonekana mgonjwa anapofungua kinywa. Hata hivyo linaficha jambo moja: donda lenyewe si ndilo linaloua watu wengi. Kinachoua ni sumu inayotengenezwa na bakteria hao, na chanjo ya dondakoo haipigani na bakteria bali na sumu hiyo. Anayeelewa tofauti hiyo ataelewa pia kwa nini mtu aliyechanjwa utotoni anaweza kuhitaji kuchanjwa tena.

Chanjo hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali vya Tanzania tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza mwaka 1975, na kwa sababu hiyo ugonjwa umekuwa adimu. Uadimu huo una gharama yake. Daktari au muuguzi wa Kinondoni au Temeke anaweza kufanya kazi kwa miaka mingi bila kuuona, na wazazi wengi wanalijua jina lake kwenye orodha ya kadi ya kliniki tu, katikati ya kifaduro na pepopunda.

Utando wa kijivu na pumzi yenye sauti

Mtu huambukizwa kwa matone ya mate yanayorushwa na mgonjwa, au na mtu mwenye bakteria kooni asiyeumwa, anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza kwa karibu. Vyumba vya kupanga vinavyolaza watu watano au sita, madarasa yaliyojaa na daladala za asubuhi ni mahali panapofaa kwa safari ya namna hiyo. Kugusa kidonda chenye bakteria pia kunatosha. Kwa kawaida dalili huanza baada ya siku mbili hadi tano.

Mwanzo wake haushtui. Koo linauma, mgonjwa amechoka, hamu ya kula imepungua, na homa si kali. Mara nyingi haifiki nyuzi 39. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa mafindofindo ya kawaida huweza kuleta homa kali zaidi kuliko dondakoo. Baada ya siku moja au mbili hutokea utando mweupe juu ya findo moja au yote mawili. Utando huo huongezeka, hugeuka kijivu na kuwa mzito kama kipande cha ngozi iliyolowa, na unaweza kuenea hadi kwenye kimeo, kaakaa laini na ukuta wa nyuma wa koo. Damu ikichanganyika nao huwa wa kijani au mweusi. Kinywa huweza kutoa harufu nzito isiyo ya kawaida.

Utando huu si uchafu uliokaa juu ya koo. Umeundwa na seli zilizokufa za koo lenyewe, seli nyeupe za damu, bakteria, na nyuzi za protini zinazogandisha damu, na vyote vimeshikamana na nyama iliyo chini yake. Ndiyo maana hauondoki ukifutwa, na ukivutwa kwa nguvu damu hutoka. Alama hii humsaidia mganga kuutofautisha na hali nyingine. Usaha wa mafindofindo yanayosababishwa na streptokoki huwa madoa ya manjano au meupe yanayobaki juu ya mafindo, wala hayapandi kwenye kimeo na kaakaa. Utando wa kuvu unaoonekana kwa watoto wachanga, au kwa watu wenye kinga dhaifu, hufanana na maziwa yaliyoganda, na sehemu kubwa yake hufutika. Lakini kuutambua utando wa dondakoo ni kazi ya kuangalia kwa tochi; kuukwangua ili kuhakikisha ni hatari, kwa kuwa kipande kilichong'oka kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Pumzi yenye sauti ni dalili ya hatua nyingine. Utando ukishuka hadi kwenye zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti, sauti hukwaruza kisha hufifia, kikohozi hubweka, na kila mgonjwa anapovuta hewa husikika mlio mkali kama wa hewa inayopita kwenye tundu dogo. Mlio huo husikika zaidi wakati wa kuvuta hewa ndani, tofauti na pumu ambayo filimbi yake huwa kubwa wakati wa kuitoa. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, hivyo uvimbe kidogo tu huifunga kwa sehemu kubwa. Ngozi katikati ya mbavu na juu ya mfupa wa kifua huanza kubonyea kila anapovuta pumzi, anakataa kulala chali, na anahangaika. Kwa wagonjwa mahututi shingo nayo huvimba, tezi zikiungana na nyama laini hadi mstari wa taya usionekane. Uvimbe huo wa shingo huashiria kwamba sumu imeshaingia mwilini kwa wingi.

Sumu inavyofanya kazi

Si kila bakteria wa dondakoo anayetengeneza sumu. Uwezo huo unatokana na virusi wadogo wanaoitwa faji, ambao huambukiza bakteria na kuacha ndani yao jeni la sumu. Bakteria asiye na jeni hilo anaweza kuleta maumivu ya koo au kidonda cha ngozi, lakini haleti balaa linaloelezwa hapa. Kwa hiyo maabara haimalizi kazi yake kwa kuotesha bakteria tu. Hulazimika pia kupima kama wanatoa sumu.

Sumu yenyewe ina sehemu mbili. Moja hushika ukuta wa seli na kufungua njia, na ya pili huingia ndani na kusimamisha mtambo wa kutengeneza protini. Seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Kwanza hufa seli za koo, na huo ndio mwanzo wa utando. Kisha sumu huchukuliwa na damu hadi kwenye viungo vya mbali, na viwili huathirika zaidi: misuli ya moyo na mishipa ya fahamu.

Moyo huathirika hasa kati ya mwisho wa wiki ya kwanza na wiki ya pili, mara nyingi wakati koo linaonekana kupona na familia imeshaanza kufurahi. Mapigo hupoteza mpangilio au hupungua sana, na mgonjwa anaweza kufa ghafla anapoinuka kitandani. Mishipa ya fahamu huchelewa zaidi. Karibu na wiki ya tatu kaakaa hulegea, mgonjwa huzungumza kwa pua na maji anayokunywa hutokea puani. Wiki kadhaa baadaye miguu na mikono huweza kuwa dhaifu, na misuli ya kupumua pia. Kupooza huko kwa kawaida huisha kwa wale wanaovuka salama kipindi hicho. Moyo hauna huruma kiasi hicho.

Bakteria hao walionekana kwa hadubini na kuelezwa na Edwin Klebs mwaka 1883, na Friedrich Loeffler akawaotesha mwaka uliofuata. Mwaka 1888 Emile Roux na Alexandre Yersin mjini Paris walionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa bakteria wote bado yanaua wanyama, ndipo sumu ikajulikana. Miaka miwili baadaye Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu inaweza kumkinga mnyama mwingine. Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1901, ambayo ilikuwa ya kwanza kabisa kutolewa.

Mfano wa Mbagala

Mwenendo wa ugonjwa hueleweka vizuri zaidi ukifuatwa siku kwa siku. Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila hatua yake inalingana na jinsi dondakoo linavyokwenda na jinsi watu wa pembezoni mwa Dar es Salaam wanavyotafuta tiba.

Mtoto wa darasa la nne, mwenye miaka tisa, anaishi Mbagala kandokando ya Barabara ya Kilwa. Alipokuwa mchanga alipata dozi ya kwanza tu ya chanjo, kisha mama yake akahamia kwa ndugu na ratiba ikakatika. Jumatatu anarudi shuleni akilalamika koo. Jumanne ana joto kidogo, na anapewa parasetamoli. Jumatano mama ananunua vidonge kadhaa vya amoksilini duka la dawa, bila mtu yeyote kumwangalia mtoto kinywani. Dawa hiyo inaweza kupunguza bakteria, lakini haina uwezo wowote juu ya sumu ambayo tayari imo kwenye damu.

Alhamisi sauti ya mtoto inakwaruza. Jirani anashauri apelekwe kwa fundi akatwe kimeo, kwa imani kwamba kimeo kirefu ndicho kinachosababisha kikohozi na maumivu ya koo. Desturi hii bado ipo katika mitaa mingi ya jiji. Hata kwa mtoto mwenye koo la kawaida ina hatari ya kutoka damu nyingi na kuambukizwa vijidudu kwa wembe, tena haitibu kitu. Kwa mwenye dondakoo ni mbaya mara mbili: nyama inayokatwa imeshikwa na utando na inatoa damu kwa kuguswa tu, na siku inayopotea kwa fundi ni siku ambayo sumu inazidi kuingia kwenye seli.

Usiku wa Alhamisi mtoto anakoroma akiwa macho, na anataka kukaa badala ya kulala. Ijumaa alfajiri anafikishwa kituo cha afya. Tabibu anamwacha akae mapajani mwa mama, anamulika tochi bila kulazimisha kijiti hadi nyuma ya ulimi, na anaona utando wa kijivu uliopita mafindo na kufunika kimeo. Swali lake la kwanza linapaswa kuwa juu ya kadi ya chanjo. Kazi yake kuanzia hapo si kuthibitisha bali kushuku na kutenda: kumvalisha mtoto barakoa, kumtenga na wagonjwa wengine, kumpa oksijeni, kumwarifu mganga mkuu wa wilaya, na kumpeleka kwa gari la wagonjwa hospitali ya rufaa, ambayo kwa Mbagala ni ya Temeke na kwa mtoto wa Bunju au Tegeta ingekuwa Mwananyamala. Akihitaji kutobolewa koo ili apitishiwe bomba la hewa, au uangalizi wa moyo usiku na mchana, huenda akapelekwa Muhimbili.

Pamba ya kipimo hupitishwa pembeni ya utando kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kama hilo halicheleweshi matibabu. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, na hakuna anayepaswa kuyasubiri ili aanze kutibu.

Kwa nini saa zina thamani

Tiba ya dondakoo ina sehemu mbili. Antibiotiki, kama vile azithromisini, erithromisini au penisilini, hutolewa kwa siku 14. Huua bakteria, huzuia sumu mpya kutengenezwa na humfanya mgonjwa asiambukize wengine. Sehemu ya pili ni kingasumu, yaani dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu ya dondakoo, ambayo huikamata sumu iliyo kwenye damu na kuibatilisha.

Kingasumu ina mpaka mmoja usiovukika: haiwezi kuitoa sumu ambayo imeshaingia ndani ya seli. Ndiyo sababu kipimo chake hakifuati uzito wa mgonjwa kama ilivyo kwa dawa nyingi. Kinafuata ukubwa wa utando na idadi ya siku zilizopita, na mtoto hupata sawa na mtu mzima. Mgonjwa mwenye utando kwenye koo peke yake, aliyewahi ndani ya siku mbili, huhitaji uniti 20,000 hadi 40,000. Yule aliyechelewa siku tatu au zaidi, au mwenye shingo iliyovimba, huhitaji uniti 80,000 hadi 100,000. Mtoto wa Mbagala, ambaye angeweza kutibiwa Jumatano kwa kiasi kidogo, Ijumaa anahitaji mara mbili au nne yake, na matumaini yake ni madogo zaidi hata akiipata yote.

Kuipata ndiko kugumu. Kwa kuwa ugonjwa umekuwa adimu, viwanda vinavyotengeneza kingasumu duniani vimebaki vichache, na nchi nyingi hazina akiba ya kutosha. Wakati wa mlipuko kwenye kambi za wakimbizi wa Rohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, ulioanza Novemba 2017 na kuleta wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 8,000, dozi zililazimika kuagizwa kutoka nje na kutolewa kwa uangalifu kwa waliozihitaji zaidi. Isitoshe, dawa inayotokana na farasi inaweza kuamsha mzio mkali, hivyo hutolewa hospitalini tu, adrenalini ikiwa karibu.

Bila kingasumu wala antibiotiki, karibu watu watatu kati ya kumi wasiochanjwa wanaougua dondakoo la koo hufa. Kwa matibabu vifo hushuka hadi kati ya asilimia 5 na 10, navyo ni vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano na watu wa zaidi ya miaka 40.

Kinga inavyofifia

Mwaka 1923 Gaston Ramon wa Ufaransa aligundua kwamba sumu ya dondakoo ikichanganywa na formalini na kuwekwa kwenye joto kwa wiki kadhaa hupoteza ukali wake, lakini hubaki na umbo ambalo mwili unaweza kulitambua. Sumu hiyo iliyofishwa huitwa toksoidi, na ndiyo chanjo inayotumika hadi leo.

Mwili ukikutana na toksoidi hutengeneza kingamwili zinazoikamata sumu halisi kabla haijashika seli. Kwa mtoto mchanga dozi moja haitoshi. Dozi ya kwanza huutambulisha mwili kwa adui, ya pili na ya tatu hupandisha kingamwili hadi kiwango cha kulinda. Nchini Tanzania dozi hizo tatu hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zikiwa ndani ya sindano moja inayokinga pia kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa hemofilasi wanaosababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia. Kwa pamoja zina nguvu: mapitio ya takwimu za nchi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikadiria kwamba dozi tatu au zaidi huzuia takriban asilimia 87 ya ugonjwa wenye dalili.

Lakini kingamwili hazidumu. Mwezi baada ya mwezi hupungua, na mtoto anapofika umri wa kuanza shule kiwango chake kinaweza kuwa kimeshuka chini ya kile kinachohesabiwa kuwa salama. Kumbukumbu ya mwili inabaki, ila kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuamka na kutengeneza kingamwili mpya, wakati sumu ya dondakoo haihitaji muda mrefu hivyo. Dozi ya nyongeza, ambayo siku hizi wengi huiita busta, hufanya kazi kwa haraka kwa sababu inakuta mwili unaokumbuka. Sindano moja hupandisha kingamwili juu kuliko zilivyokuwa mwanzo na kuzifanya zidumu zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wazee wa zamani hawakuhitaji nyongeza. Jibu lipo miguuni mwao. Katika nchi za joto, bakteria wa dondakoo walienea sana kupitia vidonda vya ngozi, hasa vya miguu ya watoto wanaotembea peku. Donda la ngozi hutoa sumu kidogo tu kwenye damu, kwa hiyo watoto wengi walipata kinga polepole bila kuumwa koo, na walikutana na bakteria tena na tena katika maisha yao. Chanjo ilipopunguza mzunguko wa bakteria iliondoa pia ukumbusho huo wa asili. Vizazi vilivyozaliwa baadaye vinategemea sindano peke yake, na sindano za utotoni zikikosa nyongeza, kundi la vijana na watu wazima wenye kinga hafifu hukua mwaka hadi mwaka bila mtu kuliona.

Jambo hilo lilidhihirika katika nchi za iliyokuwa Muungano wa Kisovyeti. Chanjo za watoto zililegalega, watu wazima walikuwa wamepoteza kinga, na watu walihamahama baada ya dola kuvunjika. Katika miaka ya 1990 waliugua zaidi ya watu 150,000 na kufa takriban 5,000, wengi wao wakiwa watu wazima, jambo lililowashangaza madaktari waliolijua dondakoo kama ugonjwa wa watoto.

Barani Afrika sura ni tofauti kidogo. Nijeria ilipata mlipuko mkubwa kuanzia mwisho wa 2022, jimbo la Kano likiongoza, na wengi wa wagonjwa walikuwa watoto na vijana ambao hawakuwahi kukamilisha hata dozi za mwanzo. Karibu zaidi na pwani ya Waswahili, Somalia ilishuhudia ongezeko kubwa la wagonjwa na vifo mwaka 2025. Hapa inafaa kuwa waaminifu: dozi za nyongeza haziwezi kuziba pengo la mtoto asiyepata dozi tatu za kwanza. Mtoto wa Mbagala katika mfano hapo juu hakukosa nyongeza tu, alikosa msingi. Nyongeza ni ya wale ambao msingi wao upo na unamomonyoka.

Nani anapata nyongeza na nani hapati

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 dozi tatu za nyongeza: ya kwanza kati ya miezi 12 na 23, ya pili kati ya miaka 4 na 7, ya tatu kati ya miaka 9 na 15. Umri wa kwanza unakaribiana na ziara ya kliniki ya miezi 18, ambapo mtoto wa Tanzania hupata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Umri wa tatu unaangukia shuleni, mahali ambapo wasichana wamekuwa wakichanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi tangu 2018. Njia za kuwafikia watoto, kwa maneno mengine, zipo tayari. Hata hivyo ratiba ya kawaida ya watoto nchini imejengwa kwa miaka mingi juu ya zile dozi tatu za uchanga, na mzazi anayetaka nyongeza kwa mtoto mkubwa hulazimika kuiulizia.

Watu wazima wanaopata nyongeza bila kuiulizia ni wajawazito. Zamani walichomwa chanjo ya pepopunda pekee, iliyoandikwa TT kwenye kadi. Shirika la Afya Duniani limehimiza kwa muda mrefu nafasi yake ichukuliwe na Td, ambayo ina pepopunda na dondakoo pamoja. Herufi hizo mbili zinastahili kusomwa kwa makini. Mama mwenye TT tano kwenye kadi ya zamani amekingwa vema dhidi ya pepopunda lakini hakupata chochote cha dondakoo. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana aliyekanyaga msumari na kuchomwa sindano ya pepopunda peke yake. Aliyepata Td amepata vyote viwili, na kingamwili za mjamzito humfikia mtoto tumboni na kumlinda kwa miezi michache ya kwanza.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya nyumba moja ya Tandika au Mwananyamala kinga haigawanyiki sawa. Mtoto mchanga aliyemaliza dozi tatu ana kinga ya juu, mama aliyejifungua karibuni ana nyongeza, ila baba, kaka wa darasa la sita na bibi wa miaka 65 wanaweza kuwa hawajaguswa na sindano ya dondakoo kwa miongo kadhaa, au hawajaguswa kabisa.

Ile "d" ndogo katika Td ina sababu yake. Watu wazima na watoto kuanzia miaka saba hupata uvimbe na maumivu makubwa zaidi wakichomwa kiasi kamili cha toksoidi ya dondakoo, kwa hiyo chanjo yao ina kiasi kilichopunguzwa, ambacho kinatosha kuamsha kumbukumbu. Mkono kuuma kwa siku moja au mbili na homa ndogo ni mambo ya kawaida baada ya sindano. Haiwezi kumpa mtu dondakoo, maana haina bakteria ndani yake.

Watu wa karibu na mgonjwa

Mgonjwa mmoja akitambuliwa, kazi huhamia nyumbani kwake na darasani. Wote waliolala naye chumba kimoja au kukaa naye kwa karibu huangaliwa koo na hali yao kwa angalau siku kumi, na hupewa antibiotiki ya kinga, ambayo inaweza kuwa erithromisini kwa siku saba au sindano moja ya penisilini ya benzathini. Chanjo hukaguliwa: ambaye hakukamilisha hukamilishiwa, na aliyekamilisha zamani hupewa nyongeza. Mtu asiye na dalili anaweza kubeba bakteria kooni kwa wiki kadhaa, na chanjo peke yake haiwaondoi, kwa kuwa imefundishwa kuijua sumu na si bakteria. Ndiyo maana hupewa vyote viwili.

Mgonjwa mwenyewe hukaa kwenye utengano hadi vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa tofauti ya saa 24, baada ya kumaliza antibiotiki, vionyeshe kwamba bakteria wameisha. Naye pia huchanjwa anapopata nafuu. Wengi hushangaa kusikia hivyo, wakikumbuka surua ambayo ukiipata mara moja imetosha. Katika dondakoo kiasi cha sumu kinachoweza kumuua mtu ni kidogo mno hata mwili wake hauwezi kujifunza vya kutosha kutokana nacho, na aliyepona anaweza kuugua tena.

Kwa mtoto aliyekatiza ratiba, dozi alizopata hazipotei. Huendelezwa pale zilipoishia, hata kama imepita miaka. Mtu mzima asiye na kadi wala kumbukumbu ya chanjo huhesabiwa kama hajachanjwa na huanza upya kwa Td: dozi mbili zilizoachana kwa angalau wiki nne, na ya tatu miezi sita au zaidi baada ya hapo.